Kàn dào, tīng dǒng: kitenzi cha pili kinaongeza nini hasa?

BintiLangoni (Lamu) – 1

Assalamu alaikum wanajukwaa. Sisi watu saba tunajifunza Kichina katika nyumba moja hapa Langoni, kila Jumatatu na Jumatano baada ya Isha. Juzi tulipewa zoezi la kujaza nafasi, nami nikakosa sentensi tatu kati ya nne. Nikikosa neno nisilolijua siumii, lakini haya yote nayajua maana zake, na ndiyo maana nimeshindwa kulala. Maneno ya kuchagua yalikuwa manne: dào ya kufika, jiàn ya kuona, dǒng ya kuelewa, wán ya kumaliza. Sentensi zenyewe ni hizi:

Wǒ zhǎo le yí ge xiǎoshí, kěshì méi zhǎo ___ yàoshi.
Nimetafuta saa nzima, lakini ufunguo...

Lǎoshī shuō de tài kuài le, wǒ méi tīng ___.
Mwalimu alizungumza haraka mno, mimi...

Zhè běn shū wǒ kàn ___ le, kěyǐ huán gěi nǐ le.
Kitabu hiki nime..., sasa naweza kukurudishia.

Nǐ kàn ___ wǒ de shǒujī le ma?
Je, ume... simu yangu?

Mimi nilijaza dào, jiàn, dǒng, dào. Ni ile ya kwanza tu iliyopata alama. Ninachotaka kujua ni hiki: ikiwa kàn ni kuona na tīng ni kusikia, kitenzi hiki cha pili kimekuja kufanya kazi gani? Na kwa nini sentensi ya nne ikataliwe, ilhali kàn dào ninaisikia kila siku?

KijanaMambrui (Malindi) – 2

Dada, jambo hili ni jepesi kuliko unavyolichukulia. Kitenzi cha pili ni alama ya wakati uliopita. Kàn ni "ninaona", kàn dào ni "nimeona". Tīng ni "ninasikia", tīng dǒng ni "nimesikia". Kichina hakina viambishi kama -li- na -me-, kwa hiyo kinaongeza neno nyuma. Mimi nimefika kiwango cha tatu cha mtihani wa Kichina, HSK, kwa kanuni hiyo.

MsomiMkomani (Lamu) – 3

Ndugu wa Mambrui, hongera kwa kiwango cha tatu, lakini kanuni hiyo haisimami. Chukua sentensi hii ambayo mama yeyote wa Kichina humwambia mtoto mezani: chī wán fàn zài qù, yaani umalize kula ndipo uende. Wán imo ndani yake, na hakuna kilichopita hapo, kwa sababu chakula bado kiko sahanini. Unaweza pia kusema míngtiān wǒ néng kàn wán, kesho nitaweza kumaliza kukisoma. Kama wán ingekuwa alama ya wakati uliopita, isingekubali kukaa na kesho.

Uko karibu na ukweli kwa upande mmoja tu. Vitenzi hivi hutaja jambo lililofikia mwisho wake, na mambo yaliyofikia mwisho mara nyingi ndiyo yaliyokwisha kupita, kwa hiyo utaviona vikifuatana na le mara kwa mara. Lakini anayebeba habari ya kutimia ni ile le, wala si dào au dǒng.

Sasa nakurudia wewe, Binti. Kosa lako la kwanza liko kwenye tafsiri, kabla hata hujafika kwenye kitenzi cha pili. Kàn si kuona, kàn ni kutazama. Tīng si kusikia, tīng ni kusikiliza. Ukilishika hilo, nusu ya swali lako itakuwa imejijibu. Mtu anaweza kutazama asione, na anaweza kusikiliza asisikie. Kitenzi cha kwanza cha Kichina kinataja juhudi, na hakiahidi kwamba juhudi hiyo ilizaa chochote. Cha pili ndicho kinachosema kilichozaliwa.

NahodhaMatondoni – 4

Salaam. Mimi naona hapa mnatatiza jambo la kawaida. Vitenzi viwili vikifuatana ni sawa na sisi tunaposema "nenda kanunue". Wachina husema qù mǎi, kwenda kununua. Lái kàn, kuja kutazama. Kitenzi cha kwanza ni mwendo na cha pili ndiyo kazi yenyewe. Kwa hiyo kàn dào ni kutazama halafu kufika.

BiShela (Shela, Lamu) – 5

Ami Nahodha, kwa heshima, hicho ulichokieleza kipo, ila sicho anachokiuliza Binti. Jaribu kupenyeza kitu katikati. Qù mǎi inakubali: qù shìchǎng mǎi yú, kwenda sokoni kununua samaki. Soko limeingia kati na hakuna aliyelalamika. Lakini zhǎo dào haikubali. Huwezi kusema *zhǎo yàoshi dào. Ufunguo lazima usubiri nyuma ya vyote viwili: zhǎo dào yàoshi. Hata le hukaa nyuma ya dào, haikai kati yake na zhǎo. Vitenzi viwili hivi vimefungwa pamoja kama mbao mbili zilizopigiwa msumari mmoja, na wewe unayetoka Matondoni unazijua mbao kuliko sisi.

NahodhaMatondoni – 6

Nimekuelewa, binti yangu. Msumari nimeuona. Endeleeni.

KaziniKililana – 7

Ahsanteni kwa uzi huu, kwa sababu sentensi ya pili ya Binti ndiyo iliyonigharimu siku nzima mwaka jana. Nilikuwa kibarua wa ghala katika kazi ya ujenzi, na msimamizi wetu alikuwa Mchina asiyejua Kiswahili hata kidogo. Asubuhi moja alinipa maelekezo marefu kuhusu saruji, kisha akaniuliza: tīng dǒng le ma? Mimi nikajibu kwa kujiamini: tīng jiàn le! Akanitazama kidogo, akarudia swali, nami nikarudia jibu. Akaenda zake.

Alikuwa ametaka mifuko 15, shíwǔ dài. Mimi nilipeleka 50, wǔshí dài, tena kwa mkokoteni, juani. Alipokuja kuona alikasirika, na aliyokuwa akiyasema niliyafahamu baadaye tu, mwenzangu aliponieleza: alikuuliza kama umeelewa, nawe ukamjibu kwamba sauti imekufikia masikioni. Nami ndani ya moyo wangu nilikuwa nimemjibu vizuri kabisa, kwa sababu kwetu mtu akikuuliza "umesikia?", unajibu "nimesikia", na mambo yamekwisha.

MsomiMkomani – 8

Kisa hiki cha ndugu yetu kina thamani kuliko kurasa kumi za sarufi, nami naomba tukae nacho kidogo. "Kusikia" kwa Kiswahili kumebeba mizigo mitatu. Kuna sauti kufika sikioni: nimesikia mlio wa mashua. Kuna kuelewa: yule mgeni anasikia Kiswahili, yaani anakielewa. Na kuna kutii: mtoto huyu hasikii. Sisi tunatumia neno moja, na msikilizaji anachagua maana kwa kutazama mazingira.

Mchina ameigawa mizigo hiyo. Ya kwanza ni tīng jiàn au tīng dào. Ya pili ni tīng dǒng. Ya tatu ni tīng huà, ambayo haina kitenzi cha pili kabisa, kwani huà ni maneno, na tafsiri yake ya neno kwa neno ni kusikiliza maneno. Ndiyo maana Mswahili akikutana na "méi tīng ___" mkono wake unakwenda kwenye jiàn bila kufikiri. "Sikumsikia mwalimu" inamtosha. Kwa Mchina haitoshi, kwa sababu atauliza: sauti haikufika, au ilifika na maana ndiyo haikufika?

Na sentensi yenyewe inakupa jibu ukiisoma nusu yake ya kwanza. Shuō de tài kuài, alizungumza haraka mno. Haraka haizuii sauti kufika, inazuia maana. Kwa hiyo dǒng. Kama ingeandikwa shēngyīn tài xiǎo, sauti ilikuwa ndogo mno, jibu lingekuwa jiàn. Katika mazoezi haya sababu huwekwa upande wa pili wa mkato, nayo ndiyo inayoamua.

KutembezaWageni (Malindi) – 9

Mimi natembeza wageni Malindi, na Kiitaliano nimekijua kabla ya Kichina. Waitaliano nao wana guardare na vedere, ascoltare na sentire, maneno tofauti kabisa kwa kutazama na kuona, kusikiliza na kusikia, kama sisi. Kwa hiyo sioni haja ya kusema Kichina kina mfumo wa ajabu. Ni jozi tu. Mtu azihifadhi: kàn na kàn dào, zhǎo na zhǎo dào, kama anavyohifadhi tafuta na pata. Nilihifadhi jozi kama arubaini hivi na sijapata taabu tena.

BiShela – 10

Kaka, njia yako itakufikisha arubaini, na ya arubaini na moja itakushinda. Tofauti ni kwamba sisi na Waitaliano tuna neno jipya kwa kila jozi, na Mchina ana kipande kimoja anachokihamisha. Dào ileile iliyo katika zhǎo dào utaikuta katika mǎi dào, kununua ukapata, na shōu dào, kupokea. Mgeni wangu mmoja hapa nyumbani kwa wageni alitoka kwenda kutafuta dawa ya mbu, akarudi mikono mitupu, akaniambia: wǒ qù mǎi le, méi mǎi dào. Nilikuwa sijawahi kusikia mǎi dào maishani mwangu, lakini nilimwelewa palepale, kwa sababu sisi nasi tunasema vilevile: nilikwenda kununua, sikupata.

Na hapa nataka kutoa maelezo yangu, ambayo sijayaona katika kitabu chetu. Sisi tunacho kiungo kinachofanana sana na jambo hili, nacho ni -ka-. Tafsirini hivi:

zhǎo dào: nilitafuta nikapata
tīng dǒng: nilisikiliza nikaelewa
chī bǎo: nilikula nikashiba
xǐ gānjìng: nilifua zikatakata

Mpangilio ni uleule wa matukio yalivyotokea. Kwa Kiswahili cha kawaida tunasema "nimemaliza kusoma", mwisho umetangulia. Mchina anasema kàn wán, kusoma kwanza, kumaliza baadaye, kama ilivyo katika maisha. Nilipoanza kuipitisha -ka- kichwani, niliacha kupindua maneno.

Tena tazameni viambishi katika mifano miwili ya mwisho. Niliyekula ndiye niliyeshiba: nilikula nikashiba. Lakini niliyefua siye niliyetakata: nilifua zikatakata, nguo hizo. Kiswahili kinalazimika kutamka nani alipata tokeo. Kichina kinanyamaza. Gānjìng haina kiambishi, na msikilizaji mwenyewe lazima ajue kwamba kinachosafika ni nguo, si mfuaji. Kwa hiyo nikijaza nafasi hujiuliza kwanza: neno hili la pili linamsemea nani? Dǒng inamsemea mtu, kwa sababu kitabu hakielewi. Wán inasemea kitabu au kazi, imekwisha.

MsomiMkomani – 11

Bi Shela, hii ya kiambishi nitaiazima, kwa ruhusa yako. Ila nina mashaka na sehemu moja. -Ka- inaruhusu muda mrefu katikati, na mambo mengine kuingia. Nilitafuta, nikapumzika, nikaswali, nikapata. Zhǎo dào haina nafasi ya kupumzika, wewe mwenyewe umesema ni mbao zilizopigiwa msumari. Kwa hiyo mimi nasema ni kitenzi kimoja chenye vipande viwili, wala si vitenzi viwili vilivyofuatana.

BiShela – 12

Na mimi nitasema kama ni kimoja, kwa nini méi inakanusha cha pili peke yake? Méi tīng dǒng haimaanishi kwamba hakusikiliza. Alisikiliza; kilichokosekana ni kuelewa. Katika sentensi ya kwanza ya Binti ndiyo wazi kabisa: ametafuta saa nzima, zhǎo le yí ge xiǎoshí, halafu méi zhǎo dào. Kama méi ingefuta kila kitu, sentensi ingejipinga yenyewe.

MsomiMkomani – 13

Inafuta kitu kizima kiitwacho zhǎo dào, yaani kupata. Kutafuta kumebaki kwa sababu kumetajwa peke yake mwanzoni mwa sentensi. Ondoa nusu ile ya kwanza, uniambie tu "wǒ méi zhǎo dào", nami nitakisia tu kwamba ulitafuta.

BiShela – 14

Utakisia kwa sababu zhǎo umeitamka. Tuliache hapo kwa leo.

KijanaMambrui – 15

Nimekubali kuhusu wakati uliopita, nimejaribu na kesho nikaona inakubali. Lakini nimepata mfano mwingine wa kuunga mkono hoja ya dào: zhīdào, kujua. Zhī ni kujua, dào ni kufika. Kujua kumefika. Naona kila dào ni hiyohiyo.

MsomiMkomani – 16

Hapana, kaka. Sauti ni moja, herufi ni mbili. Ya zhǎo dào ni 到, kufika. Ya zhīdào ni 道, ambayo maana yake ya asili ni njia. Tena unaweza kulipima bila hata kuona herufi. Neno la aina ya tīng dǒng hukubali kupasuliwa kwa de au bu: tīng de dǒng, naweza kuelewa, tīng bu dǒng, siwezi kuelewa. Na hukanushwa kwa méi. Zhīdào katika Kichina cha darasani haipasuliwi, na ukiikanusha unasema bù zhīdào. Vipimo vyote viwili vimeikataa.

KijanaMambrui – 17

Nimeona. Kumbe ndiyo sababu *méi zhīdào ilikuwa ikikatwa kila mara.

KaziniKililana – 18

Mwalimu Msomi, umetaja tīng bu dǒng. Hapo napo niliumia. Baada ya kisa cha saruji nilijifunza kusema tīng bu dǒng kila nilipopitwa na neno. Nikaona msimamizi harudii tena, anamwita mtu mwingine na kunipita. Nilidhani ananichukia.

MsomiMkomani – 19

Hakuwa na haja ya kukuchukia. Ulimwambia kwamba huwezi kuelewa, kana kwamba lugha imekuzidi. Mtu asiyeweza kuelewa harudiwi, anatafutiwa mkalimani. Ulipaswa kusema méi tīng dǒng, yaani safari hii haikuingia, na angerudia polepole. Bu katikati inafunga mlango wa uwezo. Méi mbele inasema tu kwamba jambo halikutokea.

Karibu yake kwetu ni kile kiambishi -ik-. "Sikumwona" ni méi kàn jiàn. "Haonekani" inakaribia kàn bu jiàn: hata ukitazama vipi, kuona hakupatikani. Usiifuate mpaka mwisho, kwa sababu kwetu anayeonekana amehamia mbele ya sentensi, na kwa Wachina mtazamaji amebaki palepale.

MwanafunziTanoAsubuhi (Malindi) – 20

Samahani kuingilia. Sisi tumefundishwa kwamba bù haiwezi kabisa kukaa mbele ya maneno haya, kwa mfano *bù tīng dǒng ni kosa daima. Je, ni sahihi?

MsomiMkomani – 21

Kwa zoezi la kujaza nafasi, ifuate kanuni hiyo. Lakini neno "daima" liondoe. Katika masharti inawezekana: bù chī wán bù néng zǒu, usipomaliza kula huruhusiwi kuondoka. Hapo hakuna aliyekanusha jambo lililotokea, limewekwa sharti. Ukikutana nayo usiseme Mchina amekosea.

KutembezaWageni – 22

Mimi nilikosolewa kwa jambo jingine. Nilikuwa kwenye simu na mgeni aliyekuwa akinitafuta ufukweni, nami nilimwona tayari kwa mbali. Nikamwambia *wǒ zài kàn jiàn nǐ, "ninakuona". Alicheka, akanisahihisha: wǒ kàn jiàn nǐ le. Sikuelewa, maana ninakuona sasa hivi, sijakuona jana.

BiShela – 23

Kwa sababu zài inataka kazi inayoendelea, na jiàn imekwisha kutaja tokeo. Kutazama kunaendelea, wǒ zài kàn ni sawa. Kupatikana kwa picha machoni hakuendelei. Kumetokea au hakujatokea. Sisi tunasema "ninakuona" bila taabu kwa kuwa kwetu kuona ni hali. Ungeweza pia kumwambia wǒ kàn de jiàn nǐ, naweza kukuona nilipo. Na hapa, kaka, jozi zako arubaini hazikukusaidia.

KutembezaWageni – 24

Hilo nimelikubali. Zilinipa neno, hazikunipa mahali pa kuliweka.

BintiLangoni – 25

Nimesoma yote, shukrani. Ya pili nimeridhika nayo. Lakini ya tatu na ya nne bado. Katika ya tatu, "kitabu hiki nimekielewa, naweza kukurudishia" kuna ubaya gani? Kàn dǒng ipo, nimeihakikisha kwenye kamusi. Na ya nne hamjaigusa.

MsomiMkomani – 26

Binti, juu ya sentensi hizo palikuwa na maelekezo gani? Tuandikie neno kwa neno.

BintiLangoni – 27

Nimekwenda kulitafuta karatasi. Limeandikwa: "Jaza kwa neno linalofaa. Kila neno litumike mara moja tu." Nililipita mstari huo.

MsomiMkomani – 28

Basi fumbo limefunguka. Wewe umetumia dào mara mbili, na wán hukuigusa. Hilo peke yake lingekurudisha nyuma kukagua. Tulifanye upya kwa utaratibu.

Anza na nafasi yenye mlango mwembamba. Zhǎo, kutafuta, kati ya maneno manne haya inakubali dào. Zhǎo jiàn haitumiki katika Kichina cha vitabuni, zhǎo dǒng haina maana, na zhǎo wán, kumaliza kutafuta, haifai kuchukua ufunguo hivyo. Kwa hiyo dào imekwisha matumizi, na haiwezi kwenda kwenye simu.

Kisha wán. Simu haimalizwi kwa kutazamwa. Katika sentensi ya mwalimu, méi tīng wán ingemaanisha hukusikiliza mpaka mwisho, na haraka ya mwalimu si sababu ya hilo. Mwenye haraka humaliza mapema. Kwa hiyo wán inakwenda kwenye kitabu. Hapo ndipo kàn dǒng yako inapokataliwa, si kwa sababu ni kosa la lugha. Ungeandika sentensi hiyo katika barua kwa rafiki yako, angeielewa, ingawa huwa tunarudisha kitabu kwa sababu tumekimaliza zaidi ya kwa sababu tumekielewa.

Zimebaki dǒng na jiàn, kwa mwalimu na kwa simu. Simu huielewi kwa kuitazama. Jiàn inakwenda kwa simu, dǒng kwa mwalimu. Hakuna njia nyingine.

BintiLangoni – 29

Kwa hiyo kàn dào wǒ de shǒujī si kosa?

MsomiMkomani – 30

Si kosa hata kidogo. Ni zoezi lililokukataza, wala si Kichina. Aliyekusahihishia angekueleza hivyo.

MwanafunziTanoAsubuhi – 31

Sasa nami niulize: kàn jiàn na kàn dào zinatofautiana nini? Mwalimu wetu anasema ni sawa, hakuna tofauti.

BiShela – 32

Kwa simu iliyopotea ni sawa. Lakini jiàn haitembei mbali. Utaikuta kwa macho, kwa masikio, kwa pua katika wén jiàn, na katika mèng jiàn, kuota. Hutaikuta kwenye kununua wala kupokea barua. Dào inakwenda kote. Nami nahisi kwamba jiàn inabaki kwenye kiungo cha mwili, kitu kimeingia machoni, na dào inasema umekifikia. Ndiyo maana mambo yasiyo na umbo, kama maendeleo au matumaini, nayasikia zaidi na kàn dào.

KutembezaWageni – 33

Mimi nimewasikia wageni wakisema kàn jiàn kwa matumaini pia, Bi Shela. Kwa nilivyosikia, anayetoka kaskazini ananiambia jiàn, na wageni wa Taiwani karibu kila mara dào. Huenda ni suala la mahali anapotoka mtu, kama sisi na watu wa Mombasa.

BiShela – 34

Huenda. Lakini mgeni wangu wa juzi alitumia zote mbili katika sentensi moja, na alikuwa mtu mmoja kutoka mji mmoja.

KijanaMambrui – 35

Niongeze jambo moja ambalo nina hakika nalo safari hii. Dào ina kazi ambayo jiàn haiwezi kabisa: kuonyesha ulipofika. Kàn dào dì shí yè si kuuona ukurasa wa kumi, ni kusoma mpaka ukurasa wa kumi. Na kàn dào shí diǎn ni kutazama mpaka saa nne usiku, kwa saa zetu. Katika mtihani wangu palikuwa na nafasi ya namna hiyo, nikajaza jiàn, nikaikosa.

MsomiMkomani – 36

Hiyo ni sahihi kabisa, na imetufaa. Nyuma ya dào pakiwa na ukurasa, saa au mahali, isomeni "mpaka".

NahodhaMatondoni – 37

Nimekuwa nikiwafuata kimya. Nawaulizeni: hiyo dào ya "mpaka" na hii ya "kupata" ni dào moja au mbili? Kwa sababu chombo kikifika Matondoni nimefika, na nikimpata samaki nimempata. Sioni kwamba ni jambo moja.

BiShela – 38

Ami, herufi ni moja, 到. Mimi naziona ni moja: mkono umefika kwa samaki.

MsomiMkomani – 39

Mimi naziona mbili, kwa kipimo kilekile cha le. Zhǎo dào le yàoshi, ufunguo unakuja baada ya le bila taabu. Katika kàn dào dì shí yè, le kwa kawaida inangoja mpaka mwisho, baada ya ukurasa: kàn dào dì shí yè le.

BintiLangoni – 40

Jumatano tunapewa zoezi la pili, maneno sita: dào, wán, hǎo, cuò, zhù, huì. Nimeanza na ile yenye mlango mwembamba: jì, kukumbuka, nimeipa zhù, kwa kuwa zhù ni kukaa, na kilichohifadhiwa kimekaa. Ninachokwama ni xiě wán na xiě hǎo. Zote mbili ni barua iliyokwisha kuandikwa, na maelekezo safari hii hayasemi mara moja tu.

BiShela – 41

Wán: kalamu imewekwa chini. Hǎo: barua iko tayari kupelekwa. Tazama kinachofuata baada ya mkato, kama kuna mtu anayekuja kuichukua.